Mbao za Vocha 0147

Nimewahi kuandika makala kuhusu majina ya pesa katika Sheng. Yalichapishwa katika jarida ambalo, kwa ninavyojua, lilisomwa na mhariri, mimi mwenyewe, na msomaji mmoja aliyeniandikia kulalamikia matumizi yangu ya nukta mkato. Katika makala hayo nilitumia kurasa mbili na nusu kujaribu kueleza kwa nini shilingi ishirini inaitwa mbao. Ninalitaja jambo hili mapema ili ieleweke kwamba yaliyotokea baadaye kule ghalani hayakutokana na ujinga. Nilikuwa mtaalamu.

Ghala lenyewe lilikuwa Rongai, la kununua na kuuza mahindi, maharagwe na ngano kidogo. Niliingia pale nikiwa na miaka arobaini na sita na shahada mbili, baada ya chuo nilichokuwa nikifundisha kwa saa kunipunguzia saa hadi zikabaki mbili kwa wiki, Ijumaa alasiri, wakati ambapo wanafunzi hawapo. Tangazo la kazi lilitaka karani mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Siku ya kwanza mhasibu alitoka ofisi kuu ya Nakuru kuja kunikabidhi vitu vitatu: kitabu kirefu chenye jalada jeusi, bunda la vocha zilizochapishwa nambari tayari, na sanduku la chuma la kijani. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alizungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Humu mna elfu kumi na tano," alisema. "Hiyo ndiyo floti. Haipandi, haishuki."

"Tukinunua kitu si itashuka, madam?"

"Pesa zitashuka. Floti haishuki. Ukitoa mia tatu ya maziwa, unaweka vocha ya mia tatu. Pesa na vocha, ukizijumlisha pamoja, ni elfu kumi na tano. Leo, kesho, hata ukiwa mgonjwa. Ijumaa nakuja kuhesabu. Pesa za sandukuni lazima ziwe sawa na salio la kitabu. Zikiwa sawa, nakurudishia ulichotumia, na tunaanza tena na elfu kumi na tano."

Nilisema nimeelewa. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimetumia elfu nane mia saba na arobaini, nikaliombea sanduku elfu kumi, kwa sababu nambari nzima inapendeza. Alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, unaomba nini hapa?"

"Nimeongeza kidogo ya dharura."

"Hapa huombi pesa. Unarudishiwa ulizotumia. Ukirudishiwa kumi utakuwa na ngapi?"

Nilipiga hesabu. Ningekuwa na elfu kumi na sita mia mbili na sitini, na floti ingekuwa imepanda, jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa haiwezi kulifanya.

"Elfu nane mia saba na arobaini," nilisema.

"Asante," alisema, akatia sahihi.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba nambari ya vocha haifi. Nikiharibu vocha, na niliharibu nyingi kwa kutaka sentensi nzuri, sikuruhusiwa kuichana. Niliandika IMEFUTWA kimshazari na kuiacha kitabuni na nambari yake, ili yeyote atakayekuja aone kwamba hapakuwa na mchezo kati ya 0122 na 0124. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kufuta na kuandika upya. Pale nilifunzwa kukosea na kubaki na kosa lenye nambari.

Sasa sanduku. Masanduku ya kawaida ya kazi hii huwa na trei ndani na kifuniko kisicho na tundu. Letu lilikuwa limetengenezwa na fundi wa vyuma ambaye kazi yake kubwa ilikuwa masanduku ya sadaka, na mkono wake haukuweza kuacha mazoea. Juu ya kifuniko alikuwa ametoboa tundu la kupitishia pesa. Kulifungua kulihitaji ufunguo, na ufunguo ulikuwa mmoja, ukining'inia kwenye mkanda wangu wa suruali. Lakini kutia pesa hakukuhitaji chochote. Ukiwa na haraka, uliangusha tu. Usiku sanduku lilifungiwa kwenye droo ya meza yangu, lakini droo hiyo kufuli yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo tulikuwa tunaifunga kwa maana ya kuisukuma.

Ofisini tulikuwa wawili wa kudumu, ukiacha kwamba mmoja wetu hakuwa wa kudumu. Mwenzangu alikuwa mama wa chai. Alikuwa hapo tangu ghala lilipokuwa mabati manne na mizani ya mkono. Kila asubuhi alifika kabla ya watu wote, akafungua ofisi kwa ufunguo wake, akafagia vumbi la mahindi lililoingia usiku, na kufikia saa mbili chai ilikuwa imechemka na maziwa yake. Miaka yote hiyo alikuwa kibarua wa siku. Akiugua, hakuna malipo. Mvua ikikatiza magari, ghala likifungwa, hakuna malipo. Mwezi huo ninaousimulia ofisi kuu ilikuwa imeamua kuwaandika vibarua watatu kuwa wafanyakazi wa kudumu, na yeye alikuwa mmoja wao. Fomu yake ilikuwa kwenye faili la mhasibu, ikingoja sahihi ya mhasibu na sahihi yake mwenyewe. Alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama likizo ya kulipwa ni kweli hulipwa, au ni jina tu.

Mtu wa tatu ni nyapara wa wapakiaji. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, kifua kama gunia, aliyekuwa utingo wa malori Salgaa ujanani na hakuwahi kuirudisha lugha ya huko. Mimi aliniita Prof. Haikuwa heshima.

Jumanne moja nyapara alikuja mlangoni akasema paleti tano zimeachia misumari na magunia yanakaa vibaya. Nikampa shilingi mia tano akanunue vya kurekebishia. Niliandika kikaratasi cha kuonyesha mia tano ziko kwake, nikakiweka chini ya stepla, kama nilivyofundishwa. Alirudi baada ya dakika ishirini. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga kelele, na vijana wawili walikuwa wanabishana na dereva kuhusu turubai. Alinitupia chenji mezani bila kuingia.

"Prof! Misumari, soo mbili na mbao!"

"Sawa!" nikajibu.

Nikachukua chenji, nikaiangusha kwenye tundu. Nikachana kikaratasi. Nikavuta vocha iliyofuata, nambari 0147, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Misumari na mbao za kurekebishia paleti. Shilingi mia mbili tu.* Nyapara alitia sahihi baadaye akiwa ameshika gunia kwa mkono wa pili. Hajawahi kusoma vocha hata moja. Anasema ukisoma kila kitu unachosaini hutafanya kazi.

Nakumbuka hata kuwaza kwamba mbao zilikuwa zimeshuka bei.

Ijumaa mhasibu alikuja. Ana namna yake ya kuhesabu: hafungui kitabu kwanza. Anasema macho yakishajua jibu, mikono inalisaidia. Alimwaga sanduku mezani, akapanga noti kwa ukubwa, akapanga sarafu, akaandika kwenye karatasi yake: elfu tano mia tatu sitini na tano. Kisha akafungua kitabu. Vocha kumi na mbili, kuanzia 0141 hadi 0152, jumla elfu tisa mia sita kumi na tano. Salio la kitabu: elfu tano mia tatu themanini na tano.

Alihesabu tena. Mimi nikahesabu. Tukajumlisha vocha moja moja, yeye kwa mashine na mimi kwa kalamu. Zilikuwa sawa kila mara, na kila mara sanduku lilipungukiwa na shilingi ishirini.

"Nitatoa mfukoni, madam," nilisema, nikiwa tayari na mkono mfukoni. "Ni ishirini tu."

"Toa mkono."

Niliutoa.

"Ukiweka yako, kitabu kitasema kweli?"

"Kitalingana."

"Sikukuuliza kama kitalingana."

Akanipa fomu ya tofauti. Ilikuwa na mistari minne: kiasi, tarehe, maelezo, na watu wanaofikia sanduku. Kwenye maelezo niliandika kwamba sijui, kwa maneno thelathini na mawili. Kwenye mstari wa mwisho ningeweza kuandika neno moja, *mimi*, nikamaliza. Ufunguo ulikuwa mmoja na ulikuwa kiunoni mwangu. Lakini mimi ni mtu wa ukamilifu. Niliandika: *Mimi; na mama wa chai, ambaye ana ufunguo wa ofisi na hufika kabla ya kila mtu.* Nilitumia nukta mkato.

Mhasibu alisoma polepole.

"Una hakika unataka kuiandika hivi?"

"Ni ukweli, madam."

"Haya." Akafungua faili lake, akatoa fomu ya mama wa chai, akaibana nyuma ya fomu yangu kwa pini. "Mtu aliyetajwa kwenye fomu ya tofauti, mambo yake ya ajira husimama mpaka ielezwe. Ndiyo kanuni. Ijumaa ijayo napeleka za wale wengine kwa mkurugenzi. Ikielezwa kabla ya hapo, na yake itaenda. Isipoelezwa, itangoja mwaka mwingine."

"Lakini mimi sikusema ameiba."

"Na mimi sijasema."

"Na pesa za kujazia?"

"Sijazii sanduku lisilojijua. Tumieni hizo zilizobaki."

Akaondoka. Mama wa chai alikuwa mlangoni na trei. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini alipoweka kikombe changu mezani hakukiweka kwenye kitambaa kama kawaida. Alikiweka juu ya fomu.

"Mwalimu, mimi ishirini nitanunulia nini?" aliuliza.

"Mama, si wewe. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu umeandikwa na nani?"

Nikanywa chai. Haikuwa na sukari. Wiki nzima haikuwa na sukari, na sukari ilikuwepo, kwa sababu vocha yake ilikuwa 0150 na nilikuwa nimeilipa mimi.

Jumatatu nilianza upelelezi. Nilichukua vocha zote kumi na mbili nikazipanga mezani. Maziwa. Wino wa muhuri. Kuziba pancha ya toroli. Vifurushi vya simu vya mtu wa mizani. Kila moja ilikuwa na risiti au sahihi. Nilitafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa kuwa mhasibu aliwahi kuniambia kwamba tofauti ya namna hiyo hugawanyika kwa tisa. Ishirini haigawanyiki kwa tisa. Nilijaribu mara tatu, endapo ingekubali.

Kisha nikapekua droo, nikachungulia chini ya meza, nikakung'uta sanduku. Mama wa chai alikuwa akifagia huku akinizunguka, na alipofika kwenye miguu yangu hakusema niinue. Alifagia tu hadi nikainua.

"Mwanangu wa tatu alinipigia jana," alisema kwa ufagio, si kwangu. "Akaniuliza, mama, umeandikwa? Nikamwambia nimeandikwa. Lakini sikumwambia nimeandikwa wapi."

Jumanne alikuja na maziwa na chenji ya maziwa. Alizipanga mbele yangu shilingi kwa shilingi, akasema nihesabu kwa sauti. Nikahesabu kwa sauti. Akasema nirudie, wapakiaji walioko dirishani hawakusikia. Nikarudia. Mmoja wao alipiga makofi.

Hadi Jumatano jioni nilikuwa nimeshakata tamaa na kuanza kutunga barua kwa mkurugenzi, barua nzuri sana kuhusu utu. Nyapara aliingia kunidai pesa za wapakuaji wa siku, ambazo kwa sanduku lililokuwa likikauka nilikuwa nazipima kama dawa.

"Prof, bado unalia na hiyo story?"

"Nikikosa kuieleza, fomu ya mama haiendi."

"Lakini wewe pia. Watu wamesoma mpaka wameharibika." Akaegemea mlango. "Si uweke tu mbao yako hapo kwa tundu, story iishe?"

"Madam alikataa. Nikiweka mbao..."

Nilitazama mezani. Vocha 0147 ilikuwa pale, na mbao zake zimeandikwa kwa herufi zilizolala vizuri upande wa kulia.

"Ile misumari ya paleti," nikamwambia. "Ulinunua na mbao?"

"Mbao za nini? Paleti ni zilezile. Ziliachia misumari tu."

"Ulisema soo mbili na mbao."

"Eh. Mia mbili ishirini. Kilo ya inchi tatu." Akanitazama, nami nikaona kitu kinapanda usoni mwake polepole. "Prof. Wewe uliandika mbao. Za kupasua."

Niliifunika vocha kwa kiganja.

"Ati aliandika mbao!" aliwapigia kelele wenzake nje. "Prof amenunua mbao kwa soo mbili, na misumari akapewa bure!"

Kulikuwa na kicheko cha watu kumi na wanne. Nilikubali kwamba ni haki yao. Chenji aliyonitupia siku ile ilikuwa mia mbili na themanini, na kama ningeihesabu ningejua. Lakini sanduku lilikuwa na tundu, na tundu haliulizi.

Sheria ya mhasibu ni kwamba vocha iliyokwisha kuhesabiwa haiguswi. Hufuti, hupaki dawa nyeupe, huongezi sifuri. Unaandika nyingine. Kwa hiyo Alhamisi nilienda na nyapara hadi kwenye kibanda cha vifaa vya ujenzi. Muuzaji alifungua daftari lake la mauzo, akapitisha kidole hadi Jumanne ile, akasoma: misumari inchi tatu, kilo moja, 220. Akatuandikia risiti. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wazima wamefuata risiti ya misumari ya wiki iliyopita kwa miguu. Nyapara alimweleza. Alimweleza kwa muda mrefu, na kwa ishara.

Wiki hiyo tulikuwa tumetumia vocha sita, 0153 hadi 0158, jumla elfu nne mia mbili na kumi. Kwenye kitabu salio lilisoma elfu moja mia moja sabini na tano. Nikaandika 0159: *Nyongeza ya vocha 0147. Misumari ilikuwa shilingi 220, si 200. Hakuna mbao zilizonunuliwa. Shilingi ishirini tu.* Nikabana risiti. Nyapara alitakiwa kutia sahihi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliisoma.

"Hapa nasaini nimepewa ishirini. Iko wapi?"

"Ulishaitumia wiki jana."

"Kwa hivyo nasaini pesa siioni."

"Uliiona. Uliitoa kwa muuzaji."

Alifikiri sana, kisha akasaini, akisema akiitwa mahakamani atasema alilazimishwa na mtu wa chuo kikuu.

Salio jipya la kitabu: elfu moja mia moja hamsini na tano. Nikafungua sanduku, nikahesabu. Noti moja ya mia tano, mbili za mia mbili, mbili za mia, moja ya hamsini, na sarafu moja peke yake, ya shilingi tano. Elfu moja mia moja hamsini na tano. Nilihesabu mara mbili zaidi kwa raha tu. Mama wa chai alikuwa ameshaenda nyumbani. Niliamua kutomwambia kitu mpaka mhasibu athibitishe, kwa sababu nilitaka aisikie ikiwa rasmi. Huo nao ulikuwa uamuzi wa mtu aliyesoma.

Ijumaa mhasibu alifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimevaa tai. Nilianza kumweleza habari ya mbao, akainua kidole: kwanza kuhesabu. Akamwaga sanduku. Noti zikatoka vilevile. Ile shilingi tano ikatoka. Na nyuma yake, ikibingirika hadi ukingo wa meza ambako aliizuia kwa kidole kimoja, ikatoka sarafu ya shilingi ishirini, ile mpya yenye ndovu.

Aliandika: elfu moja mia moja sabini na tano. Akafungua kitabu.

"Wewe una elfu moja mia moja hamsini na tano."

"Ndiyo, madam."

"Umezidisha ishirini."

"Jana ilikuwa sawa. Nilihesabu mara tatu."

Nikamweleza yote, kuanzia kelele za lori hadi daftari la muuzaji. Alisoma 0147, akasoma 0159, akasoma risiti. Kwenye maneno *hakuna mbao zilizonunuliwa* misuli ya shavu lake ilicheza mara moja, ikatulia.

"Hii nimeielewa," alisema. "Lakini unajua, bila hii 0159 yako, leo tungekuwa sawa. Sabini na tano kwa sabini na tano. Ningesaini na kwenda."

"Najua."

"Na ungekuwa uongo."

"Najua, madam."

"Ziada ni kosa kama upungufu tu. Nani ameweka ndovu?"

Mlango ulifunguka, mama wa chai akaingia na trei. Aliiona sarafu chini ya kidole cha mhasibu. Sisi sote watatu tuliitazama. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kwa mara ya kwanza, kwa sababu niliweza kuuona mstari wa maelezo wa fomu ya pili: pesa zilipotea, mtu akabanwa, pesa zikarudi. Haikuhitaji shahada kuusoma.

Aliweka trei chini.

"Ni yangu," alisema. "Nimeitia leo nikifagia, kwa hilo tundu."

"Kwa nini, mama?" mhasibu aliuliza.

"Nimechoka kusikia ishirini. Wiki nzima ni ishirini, ishirini. Nikasema, kama ni ishirini inanizuia, shika ishirini. Si kwamba niliichukua. Kama ningechukua, ningechukua ya maana."

Nje mtu wa mizani alisoma kilo kwa sauti.

"Kuitoa humo kunataka ufunguo," mhasibu alisema hatimaye, "na ufunguo ni mmoja." Hakunitazama, hakuhitaji. "Mama, mimi sikuwa nakuangalia wewe hata kidogo. Nilikuwa namwangalia huyu."

"Sasa fomu yangu ilikaliwa kwa nini?"

Mhasibu aligeuza ile karatasi, akamwonyesha mstari wa mwisho. Mama wa chai aliusoma kwa kidole, neno baada ya neno, hadi mwisho. Alikaa kidogo kwenye nukta mkato, au niliona hivyo.

"Huyu ndiye aliyeniandika," alisema.

"Kwa mwandiko mzuri," mhasibu alisema.

Niliomba msamaha. Niliuomba kwa sentensi moja, jambo ambalo si kawaida yangu, na mama wa chai aliupokea kwa kusogeza kikombe changu inchi moja karibu nami. Nilionja. Bado haikuwa na sukari.

"Sasa ndovu wako," mhasibu akamwambia. "Chukua."

Mama akanyoosha mkono. Mhasibu hakuondoa kidole.

"Hutachukua hivyo. Imeingia sandukuni, lazima iingie kitabuni, na itoke kwa vocha." Akanigeukia. "Andika."

Nikaandika upande wa mapokezi: *Pesa zilizoingizwa kimakosa, 20.* Salio likawa elfu moja mia moja sabini na tano. Nikavuta vocha 0160. Nilianza kuandika *Kumrejeshea mama wa chai sarafu yake aliyoitia kwa sababu ya*, nikasimama, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa mimi na nafasi ilikuwa ndogo. Niliacha tu: *Kurejesha pesa zilizoingizwa kimakosa. Shilingi ishirini tu.* Salio likarudi hamsini na tano. Mhasibu akatoa kidole.

Mama wa chai alichukua kalamu kutia sahihi ya kupokea. Alisaini polepole, jina lote. Alipomaliza akataka kuirudisha kalamu.

"Shika tu," mhasibu alisema. Alikuwa anachomoa pini. Alitenganisha fomu mbili, akaandika *imeelezwa* juu ya yangu na kuitia faili, kisha akasaini ile nyingine na kuisukuma mbele ya mama wa chai. "Hapa chini. Kama ulivyosaini hapo. Zisitofautiane, watanisumbua Nakuru."

Mama aliiweka vocha kando ya fomu, akaitazama sahihi yake ya ishirini, akaiiga.

Mhasibu akahesabu tena, kwa kuwa ndiyo kanuni: noti tano ndogo na kubwa, hamsini moja, sarafu moja ya tano. Akaniidhinishia kujazia elfu kumi na tatu mia nane arobaini na tano, hesabu isiyo nzima hata kidogo, na sikuomba zaidi. Kabla ya kuondoka alilitazama lile sanduku, akamwita nyapara kutoka nje.

"Hili tundu," alimwambia. "Lizibe."

Nyapara alilikagua kwa jicho la fundi. Alisema kipande kidogo kinatosha, akipigilie kwa ndani, misumari imebaki mingi.

"Prof," alisema, "toa soo. Naenda kuleta mbao."

"Za kupasua?" niliuliza.

"Za kupasua."

Nilimwambia safari hii aandike mwenyewe.